Nani alilipwa 502,000? Kuhuisha thamani ya fedha za zamani bila kuficha hesabu

Mhasibu wa chama chetu ana tabia moja iliyonisumbua sana mwanzoni: hachoki kuchapa karatasi. Dashibodi niliyomtengenezea ilikuwa wazi kwenye kompyuta yake siku nzima, lakini kila ilipohuishwa aliichapa na kuiweka kwenye faili. Siku moja akanitandikia karatasi mbili mezani, zimechapwa miezi tofauti. Kwenye ya kwanza, nguzo ya mshahara wa kima cha chini serikalini kwa Julai 2025 ilisomeka 500,000. Kwenye ya pili, nguzo ileile ya mwezi uleule ilisomeka 502,000.

"Kaka," akasema, "tangazo la Mei Mosi tulilisikia wote. Laki tano. Sasa huyu aliyelipwa laki tano na elfu mbili ni nani?"

Hesabu ilikuwa sahihi, na bado nilikosa jibu la sentensi moja. Nguzo zilikuwa zimebadilishwa kuwa "shilingi za leo", na leo ilikuwa imesogea. Ila hakuna mahali kwenye karatasi palipoandikwa hivyo. Kwa msomaji, namba iliyobadilika bila maelezo ni namba iliyochezewa, na simlaumu.

Tangu siku hiyo nimeipanga upya kazi hii. Nitaieleza kwa mshahara huohuo, kwa sababu tarakimu zake zinafahamika na hesabu yake ni fupi.

Julai 2022 kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma Tanzania kilipanda kutoka shilingi 300,000 hadi 370,000. Mei Mosi ya 2025, kule Singida, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba kitapanda tena hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Vyombo vya habari vikaandika asilimia 35.1, na ni kweli: gawanya 500,000 kwa 370,000 utapata 1.351. Lakini 370,000 ya Julai 2022 ilinunua vitu kwa bei za Julai 2022. Ili tulinganishe haki kwa haki, lazima kwanza tujue mtu wa Julai 2025 angehitaji shilingi ngapi kununua kile ambacho 370,000 ilikinunua miaka mitatu nyuma.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, hutoa mfumuko wa bei kila mwezi, kwa kawaida karibu na tarehe 8 ya mwezi unaofuata. Mfumuko wa mwaka ulioishia Julai 2023 ulikuwa asilimia 3.3, ulioishia Julai 2024 asilimia 3.0, na ulioishia Julai 2025 asilimia 3.3. Vipindi hivi vitatu vimeungana bila pengo, kwa hiyo tunavizidisha:

```
1.033 × 1.030 × 1.033 = 1.0991
370,000 × 1.0991 ≈ 406,700
500,000 ÷ 406,700 ≈ 1.229
```

Kwa hiyo 370,000 ya Julai 2022 ni sawa na kama 406,700 kwa shilingi za Julai 2025, na nyongeza halisi ni karibu asilimia 23 badala ya 35. Zote mbili ni kweli. Ile 35 inasema kilichobadilika kwenye hati ya mshahara, na 23 inasema kilichobadilika kwenye kapu la sokoni. Dashibodi inayoonyesha moja na kuificha nyingine inamwibia msomaji nusu ya habari.

Angalia pia kosa linalofanywa sana hapa, la kujumlisha 3.3 na 3.0 na 3.3 ukapata 9.6. Jibu sahihi ni 9.9, maana bei za mwaka wa pili hupanda juu ya bei ambazo tayari zilishapanda. Kwa miaka mitatu ya mfumuko mdogo tofauti ni ndogo. Kwa miaka 15 ni kubwa kiasi cha kuaibisha.

Fahirisi badala ya asilimia

Hesabu ya hapo juu nimeifanya kwa asilimia kwa sababu ndizo zinazosomwa redioni. Kwenye dashibodi usifanye hivyo. Asilimia inayotangazwa imeshakadiriwa hadi desimali moja. Ile 3.3 inaweza kuwa 3.26 au 3.34. Ukizidisha tatu za namna hiyo, ile 406,700 yako inaweza kukosea kwa karibu shilingi 600 kwenda juu au chini. Kwa mshahara mmoja si kitu, lakini kwa bajeti ya bilioni kadhaa utaitwa kujieleza.

Chukua fahirisi yenyewe, yaani ile namba ambayo asilimia hizo hutokana nayo. NBS huiita Fahirisi za Bei za Taifa, na mfululizo ulioanza Januari 2021 una mwaka wa kizio 2020, maana yake wastani wa mwaka huo umepewa 100. Ukiwa na fahirisi ya kila mwezi, hesabu yote inakuwa mstari mmoja: fedha ya zamani, mara fahirisi ya mwezi wa kulinganishia, gawanya kwa fahirisi ya mwezi fedha ilipolipwa. Asilimia hazihitajiki tena.

Neno "mwezi wa kulinganishia" ndilo lililonifikisha kwenye karatasi za mhasibu, na watu huuchanganya na mwaka wa kizio. Mwaka wa kizio ni wa NBS. Ni uamuzi wao kuhusu wapi pawekwe 100, na kwenye hesabu yako unajifuta wenyewe kwa sababu unagawanya fahirisi kwa fahirisi. Mwezi wa kulinganishia ni wako. Ndio unaoamua kama nguzo zote zitasomeka kwa shilingi za Julai 2025 au za mwezi mwingine wowote. Usipouchagua kwa makusudi, fomula itakuchagulia.

Kwenye jedwali langu la Google Sheets kuna karatasi mbili. Ya kwanza ina fedha kama zilivyolipwa: tarehe, kiasi, basi. Safu hizo mbili haziguswi kamwe na hesabu yoyote ya mfumuko. Ya pili inaitwa `fahirisi`, ina mwezi kwenye safu A na fahirisi kwenye safu B. Mwezi wa kulinganishia unakaa kwenye seli H1 ya karatasi ya kwanza, nao ni mwezi wa karibuni kabisa ambao fahirisi yake imeshatoka:

```
=MAX(FILTER(fahirisi!A:A, ISNUMBER(fahirisi!B:B)))
```

Kisha thamani halisi ya kila mstari, mwezi ukiwa safu A na kiasi safu B:

```
=B2 * XLOOKUP($H$1, fahirisi!A:A, fahirisi!B:B)
    / XLOOKUP(A2, fahirisi!A:A, fahirisi!B:B)
```

Tarehe zote mbili lazima ziandikwe kwa namna moja. Mimi huweka tarehe mosi ya mwezi kila mahali. Mshahara uliolipwa tarehe 24 Julai ukitafutwa kwenye jedwali lenye tarehe 1 Julai hautaonekana, na fomula itarudisha `#N/A`. Watu wengi hapo hukimbilia kuifunika kwa `IFERROR` ili ukurasa uonekane safi. Wakiweka sifuri, nguzo inatoweka. Wakiweka kiasi cha awali, nguzo inabaki lakini haijarekebishwa, na hakuna atakayejua. Mimi huiacha `#N/A` ionekane. Inatia aibu, ndiyo, lakini aibu yake inakwisha siku hiyohiyo.

Kila kitu kinasogea, uwiano haukusogea

Sasa turudi kwa ile 502,000. Tuseme fahirisi ya mwezi mpya imetoka, na iko juu ya ile ya Julai 2025 kwa asilimia 0.4. Dashibodi inajihuisha, H1 inasogea. Nguzo ya Julai 2025 inatoka 500,000 kwenda 502,000. Nguzo ya Julai 2022 nayo inatoka 406,700 kwenda kama 408,300. Kila nguzo kwenye ukurasa, hata ya miaka kumi nyuma, imezidishwa na namba ileile moja, 1.004.

Gawanya sasa 502,000 kwa 408,300. Utapata 1.229, ileile ya mwanzo.

Ingekuwa juu yangu, kila anayetengeneza dashibodi ya fedha angelijua hili kabla ya jambo lingine lolote. Mwezi wa kulinganishia unapohama, urefu wa nguzo zote unabadilika pamoja, lakini uwiano kati ya nguzo na nguzo haubadiliki hata kidogo. Nyongeza halisi ya asilimia 23 itabaki asilimia 23 ukiihesabu kwa shilingi za 2025, za 2030, au za mwaka aliozaliwa babu yako. Kwa hiyo kuna namba mbili za aina tofauti kwenye ukurasa mmoja: zile za shilingi, ambazo ni halali kubadilika kila mara, na zile za uwiano, ambazo zikibadilika kuna kitu kimeharibika.

Nilipomweleza mhasibu kwa njia hiyo alinielewa papo hapo, kwa mfano wake mwenyewe: "Kama kupima mtoto kwa futi leo na kwa sentimeta kesho. Namba imebadilika, mtoto ni yuleyule, na bado ni mfupi kuliko kaka yake kwa kiasi kilekile." Sijapata mfano bora kuliko huo.

Na hapo ndipo nilipopata kipimo changu cha afya. Pembeni ya jedwali, mahali watazamaji wasipofika, nimehifadhi uwiano wa miezi miwili ya zamani kama namba iliyoandikwa kwa mkono, si kwa fomula. Mfano ni fahirisi ya Julai 2025 kugawanya kwa ya Julai 2022. Kila dashibodi ikijihuisha, seli nyingine inaukokotoa uwiano huo upya na kuulinganisha na ule ulioandikwa. Ukitofautiana zaidi ya uchafu wa desimali, seli inakuwa nyekundu na mimi siruhusu ukurasa uende kwa watu. Seli hiyo moja imenikamatia karibu kila kosa kubwa nililowahi kufanya.

Lakini kosa baya kuliko yote, la mwaka wa kizio, seli hiyo haikulinasa. Ofisi za takwimu hubadili mwaka wa kizio kila baada ya miaka kadhaa, kwa sababu kapu la matumizi ya watu hubadilika. Kenya, kwa mfano, ilitoka kwenye Februari 2009 = 100 ikaenda Februari 2019 = 100, na mfululizo mpya ukaanza kutolewa 2020. Tanzania nayo ilihamia 2020 = 100. Siku kizio kinapohama, fahirisi inaporomoka kwenye karatasi ingawa hakuna bei hata moja iliyoshuka sokoni.

Tuchukue namba za kubuni ili lionekane vizuri. Mfululizo wa zamani unaishia Desemba ukiwa 120. Mfululizo mpya una Januari 101. Wewe kazi yako ni kuongeza mstari mmoja kila mwezi chini ya jedwali, kwa hiyo unaandika 101 chini ya 120 na kwenda kunywa chai. Dashibodi inahuishwa. Mshahara wa 300,000 wa Desemba sasa unakokotolewa hivi:

```
300,000 × 101 ÷ 120 = 252,500
```

Ukurasa unamwambia msomaji kwamba bei zimeshuka kwa karibu asilimia 16 ndani ya mwezi mmoja, na kwamba mishahara yote ya zamani ilikuwa midogo kuliko ilivyodhaniwa. Grafu haionyeshi dosari yoyote ya wazi, maana miezi yote ya nyuma imeshuka pamoja. Wala kipimo changu cha Julai kwa Julai kisingeinasa hii peke yake, kwa kuwa miezi yote miwili iko upande mmoja wa mpasuko! Niliijua kwa shida. Sasa nina vipimo viwili: uwiano wa miezi miwili ya zamani, na kingine kinachoangalia kama fahirisi ya mwezi wowote imeruka zaidi ya asilimia 3 kutoka mwezi uliotangulia. Kwa Tanzania ya miaka hii, kuruka kiasi hicho ndani ya mwezi mmoja ni jambo la kunifanya nisimame nitazame.

Dawa yake ni kuunganisha. Tafuta mwezi mmoja ambao una fahirisi kwenye mifululizo yote miwili. Kwa mfano wetu, tuseme Desemba hiyohiyo ni 120 kwa kizio cha zamani na 100 kwa kizio kipya. Basi kiungo ni 100 ÷ 120, na kila fahirisi ya zamani unaizidisha kwa kiungo hicho. Desemba inakuwa 100, Januari ni 101, na ile 300,000 inakuwa 303,000 kama inavyostahili. Mara nyingi ofisi ya takwimu yenyewe hutoa mfululizo wa zamani ukiwa umeshaunganishwa. Ukiupata huo, utumie, na ufute wako wote uweke wao wote. Hatari iko katika kuchanganya: nusu ya zamani kutoka faili moja, nusu ya karibuni kutoka faili jingine.

Mwezi usio na fahirisi

Tatizo la pili ni la kalenda. Leo ni tarehe 3, mshahara wa mwezi uliopita umeshalipwa na umo kwenye jedwali, lakini fahirisi ya mwezi huo bado haijatoka. Uandike nini?

Nimeona watu wakitumia fahirisi ya mwezi wa mwisho uliopo. Kihesabu maana yake ni kwamba umeamua mfumuko wa mwezi huu ni sifuri. Kwa mwezi mmoja madhara yake ni madogo, lakini fahirisi halisi ikitoka, nguzo hiyo itabadilika kwa kiasi tofauti na wenzake, na sheria yetu ya uwiano itavunjika kihalali. Msomaji aliyechapa karatasi ataona. Kwa hiyo nguzo za mwezi usio na fahirisi mimi huziweka kwa rangi iliyopauka, kiasi kikiwa kilekile kilicholipwa, na maneno mafupi chini yake: "bado hakijarekebishwa, fahirisi inasubiriwa". Nguzo hiyo haiingii kwenye wastani wala kwenye asilimia yoyote ya ukurasa.

Na usidhani fahirisi itatoka tu kila mwezi milele. Marekani, shughuli za serikali ziliposimama kuanzia Oktoba 2025, wakusanya bei hawakwenda madukani, na fahirisi ya bei ya Oktoba mwaka huo haikutolewa kabisa. Bei za mwezi uliopita huwezi kurudi kuziuliza. Mtu mwenye dashibodi ya dola aliyekuwa na fomula ya "chukua mwezi uliopita, ongeza mmoja" alijikuta na shimo. Shimo la aina hiyo unaweza kuliziba kwa kukadiria kati ya Septemba na Novemba, lakini makadirio hayo lazima yawe na alama yake kwenye jedwali, safu ya tatu yenye neno "makadirio", ili mtazamaji ayaone na wewe mwenyewe usije ukasahau mwakani ukadhani yalitoka ofisini.

Kwa dola kuna mtego mwingine, nitaupitia haraka. Fahirisi za Marekani ziko za aina mbili: iliyosawazishwa kwa misimu na isiyosawazishwa. Kwenye hifadhi ya FRED ya kwanza ni `CPIAUCSL` na ya pili ni `CPIAUCNS`. Iliyosawazishwa hupitiwa upya kila mwaka na namba za miaka mitano ya nyuma zinaweza kubadilika. Kwa kurekebisha fedha za zamani tumia isiyosawazishwa. Nyingine itakufanya uwiano wa miaka iliyokwisha kupita uchezecheze kila Februari, na seli yako nyekundu itakuamsha bure.

Msomaji aone nini

Baada ya ile siku ya karatasi mbili niliandika chini kabisa ya ukurasa aya ndefu ya maelezo, kwa herufi ndogo. Hakuna aliyeisoma. Mhasibu hakuisoma, nami nisingeisoma. Maelezo ya njia yakikaa mbali na namba ni sawa na hayapo.

Kwa hiyo sasa kitu cha kwanza, jina la kipimo limo ndani ya kichwa cha grafu chenyewe. Haiandikwi "Kima cha chini cha mshahara". Inaandikwa "Kima cha chini cha mshahara, kwa shilingi za Julai 2025". Mwezi huo haujaandikwa kwa mkono, unatoka H1, kwa hiyo hauwezi kupingana na hesabu. Ukurasa ukichapwa, ukipigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, kichwa kinakwenda nao. Mtu akiweka picha mbili za miezi tofauti pamoja ataona mara moja kwamba moja imesema Julai na nyingine mwezi mwingine.

Cha pili, ukiweka kishale juu ya nguzo unaona hesabu yake nzima ya nguzo hiyo moja: kiasi kilicholipwa, mwezi kilipolipwa, fahirisi mbili zilizotumika, na jibu. Si fomula ya jumla, ni tarakimu zenyewe. Mtu mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuirudia akapata jibu lilelile. Kwa hili lazima utoe fahirisi kama ilivyotumika, bila kuikata desimali, la sivyo atapata jibu linalotofautiana na lako kwa shilingi kadhaa na utakuwa umefungua kesi badala ya kuifunga. Hata hivyo jibu la mwisho nalikadiria hadi mia iliyo karibu. Kuandika 406,668 ni kudai usahihi ambao kapu la bei la nchi nzima halina.

Cha tatu ni swichi ya "kama kilivyolipwa / kwa thamani ya leo". Hiyo ndiyo iliyomaliza ugomvi wa 502,000. Mhasibu akibonyeza upande wa kwanza anaiona laki tano yake, kamili, kama ilivyo kwenye hati. Akibonyeza upande wa pili anaona nguzo zote zikihama pamoja. Kuziona zikihama kwa macho kulimfundisha zaidi ya maelezo yangu yote.

Chini ya grafu kuna mstari mmoja tu: chanzo cha fahirisi, kizio chake, na tarehe fahirisi ilipochukuliwa. Kwenye tarehe hiyo nilikosea kwa muda mrefu. Niliiandika kwa `TODAY()`, ikapendeza, kila siku mpya. Kumbe `TODAY()` inasema siku mtu aliyofungua ukurasa, si siku fahirisi ilipoingia. Kwa wiki sita kiungo changu cha kuvuta data kilikuwa kimekatika, fahirisi imeganda, na ukurasa ukaendelea kutangaza kwamba umehuishwa leo. Sasa tarehe inaandikwa na hatua ileile inayoleta fahirisi, na inabaki kama maandishi hadi hatua hiyo ifanikiwe tena.

Kuna swali moja ambalo wenzangu hawakubaliani nami: kama mwezi wa kulinganishia usogee kila mwezi au mara moja kwa mwaka. Wanaotaka mara moja wana hoja nzuri, maana namba zinatulia na ripoti za robo mwaka zinafanana. Miezi iliyo mbele ya mwezi wa kulinganishia inapunguzwa badala ya kuongezwa, fomula ni ileile. Mimi nausogeza kila mwezi kwenye ukurasa ulio hai, kwa sababu anayeufungua anafikiri kwa bei za sokoni alizoziacha asubuhi, lakini kila ripoti inayosainiwa inabeba nakala yake iliyoganda ya jedwali la fahirisi. Mkaguzi akija baada ya miaka miwili akauliza 406,700 ilitoka wapi, simpeleki kwenye dashibodi ambayo sasa inasema namba nyingine. Namfungulia nakala ya siku ile.

Mipaka yake nayo niiseme. Fahirisi ya NBS hupima kapu la kaya za nchi nzima, na katika kapu la kizio cha 2020 chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Mwenye mshahara wa kima cha chini hutumia kwenye chakula sehemu kubwa zaidi ya hiyo, kwa hiyo mwaka ambao mahindi na maharage vinapanda kuliko vitu vingine, ile asilimia 23 inamsifia kuliko hali yake. Na kwa fedha za ujenzi kapu hilo halifai hata kidogo. Ukirekebisha bajeti ya darasa la 2015 kwa bei za unga, nauli na kodi ya nyumba, utapata namba isiyojua lolote kuhusu nondo na saruji. Kwa matumizi hayo natoa kiasi kama kilivyolipwa, naandika mwaka wake pembeni, na swichi naizima.

Mhasibu bado anachapa. Juzi nimepita mezani kwake nikakuta amezibana karatasi mbili kwa pini, amepigia mstari kwa kalamu nyekundu mwezi ulio kwenye kila kichwa, na pembeni ameandika mgawanyo wake mwenyewe: 1.229, na chini yake tena 1.229.